Unaweza Kukataa

Karatasi niliyopewa ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili cha ofisini, na mstari wake wa kwanza ulisema kwamba mhojiwa anaarifiwa kuwa ushiriki wake ni wa hiari na anaweza kujiondoa wakati wowote pasipo athari yoyote. Nilitakiwa kuisoma kwa sauti kila nilipoanza mahojiano, rekoda ikizunguka, kisha mtu aseme ndiyo. Hiyo ndiyo iliyoitwa idhini.

Ilikuwa miaka michache baada ya ile njaa ya mahindi ya manjano, yale ya msaada. Mimi nilikuwa msichana, mwalimu asiye na cheti, nimefundisha upande wa mji wa Wote mpaka akaja mwenye cheti, nikarudi nyumbani. Ndipo nikasikia kwamba kuna msomi wa historia kutoka Nairobi, ambaye sote tulimwita Daktari, anatafuta mtu anayejua Kikamba cha Kitui azunguke akiwauliza wanawake walivyoishi na njaa ile. Nilikuwa na shangazi aliyeolewa karibu na soko la Tulia, kwa hiyo mahali pa kulala palikuwepo. Daktari alinipa rekoda ya kaseti, betri kubwa za kutosha, madaftari mawili na ile karatasi.

Nilimsomea shangazi kwanza. Alikuwa jikoni akichagua mbaazi kwenye uteo. Nilisoma mstari kwa mstari huku nikigeuza kwa Kikamba, naye akasikiliza bila kuinua kichwa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Sasa mimi nimefanya kosa gani?"

Nikamwambia hakuna kosa, ni maneno ya kumwomba ruhusa.

"Hayo si ya kuomba. Ndivyo karani wa korti anavyosoma kabla hujaambiwa utalipa ngapi." Akapepeta mbaazi zake, akaziweka chini. "Na hiyo mashine, wakati unaniuliza, inazunguka?"

"Ndiyo. Ni lazima jibu lako lisikike."

"Kwa hiyo unaniuliza kama unaweza kuchukua sauti yangu, na tayari umeichukua."

Nilikuwa nimekaa siku nzima na Daktari pale Kitui mjini nikifundishwa kazi, na jambo hilo halikunijia. Shangazi yangu hakufika hata darasa la pili.

Tulikaa na karatasi ile alasiri tatu. Tulilitupa neno mhojiwa, tukaweka wewe. Hiari ilitusumbua mpaka tukakubaliana kusema tu "ukitaka, na usipotaka." Tulipofika kwenye "pasipo athari yoyote" shangazi alinisimamisha.

"Athari gani? Taja zile watu wanaziogopa. Sema hutaondolewa kwenye orodha ya chakula. Sema chifu hatakuja kuuliza."

"Siwezi kuahidi kwamba chifu hatakuja."

"Basi usiahidi. Usilo na uwezo nalo, sema huna uwezo nalo."

Maneno tuliyomaliza nayo nimeyabeba kichwani mpaka leo. Yalikuwa hivi:

"Mimi ni mwalimu. Nimetumwa na mtu wa chuo kikuu anayeandika habari za ile njaa. Sikutumwa na chifu, na sikuleta chakula. Ukizungumza nami hutapewa kitu. Usipozungumza, mimi sitakunyima kitu, wala sitampelekea mtu jina lako. Hiki ni chombo cha kunasa sauti. Sasa kimezimwa. Nikikiwasha, utakachosema kitabaki ndani, na kinaweza kusikika hata siku ambayo wewe na mimi hatupo. Watakaosikia ni mimi, na yule aliyenituma, na wanaosoma mambo haya pale chuoni. Mtu mwingine yeyote akitaka kusikia, nitakuja kukuuliza wewe kwanza. Juu ya kaseti itaandikwa namba. Jina lako litakaa kwenye daftari mbali nayo. Lakini sauti yako ni yako, na anayekujua anaweza kuitambua. Kukiwa na swali usilolitaka, niambie tulipite. Ukisema nizime, nitazima. Ukisema nifute, nitafuta, ila kitabu kikishachapishwa siwezi tena kukirudisha. Unaweza kukataa sasa. Unaweza kukataa katikati. Hutadaiwa sababu."

Kisha tukaongeza utaratibu wetu. Nitayasema yote mara ya kwanza rekoda ikiwa imezimwa. Mtu akikubali, nitawasha, nihesabu mpaka kumi kimoyomoyo, kwa sababu mwanzo wa kaseti una kile kipande cha utepe kisichonasa kitu na maneno ya kwanza hupotea. Halafu nitayasema yote tena, pole pole, na jibu lake liingie.

Nilimpelekea Daktari maneno hayo kwenye hoteli moja ya Kitui mjini. Alisoma akinywa chai, akatazama saa, akanitaka nimsomee kama nitakavyowasomea wanawake. Nilipomaliza akatazama saa tena.

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Kaseti ina dakika thelathini kila upande, mwalimu. Unanimalizia utepe kabla mtu hajasema neno. Na ukweli ni kwamba wakisikia haya yote, nusu yao watakataa."

"Basi hiyo nusu ilikuwa haitaki."

Alicheka, lakini si kicheko cha kukubali. Alisema sisi tunafanya historia, hatufungi ndoa. Akaniambia nifupishe iwe mistari mitatu, nisome mara moja. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka ya mtu ambaye kibali chake cha utafiti kina tarehe ya mwisho. Nilimwambia kama ni mistari mitatu atafute msomaji mwingine. Sijui nilipata wapi ujasiri huo; sikuwa na kazi nyingine popote. Aliirudisha karatasi kwangu, akaagiza chai ya pili.

Miezi miwili ya kwanza ilienda vizuri. Baadhi walikataa kweli, lakini hawakufika nusu. Waliokubali walikubali wakijua wanachokubali, na mazungumzo yao yalikuwa na uzito ambao Daktari mwenyewe aliutambua aliposikiliza kaseti za mwanzo. Hakuniambia nilikuwa sahihi. Aliniongezea kaseti.

Kisha nikafika kwa bibi mmoja aliyekuwa akiishi mwendo wa saa moja na zaidi kutoka Tulia, upande ambao sitausema. Alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, mrefu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Tulikaa nje ya jiko lake. Alinipa uji wa wimbi, nikaweka rekoda juu ya kigoda kati yetu, imezimwa, nikaanza kusema maneno yangu.

Alisikiliza akiwa ameshika mashavu kwa mikono miwili. Nilipofika "unaweza kukataa sasa," aliniinulia kidole.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Tena."

"Unaweza kukataa sasa. Unaweza kukataa katikati. Hutadaiwa sababu."

Alikishusha kidole. Kuku wake walikuwa wakikwaruza chini ya pipa la maji.

"Maisha yangu yote," akasema, "wakija watu wenye karatasi wanasema njoo, chimba, toa, piga kidole hapa. Hakuna aliyesoma karatasi yenye neno hilo." Akafikiri kidogo. "Basi nakataa."

Sikuwa nimetayarisha uso wangu. Nadhani nilicheka kidogo, kama mtu anayengoja aambiwe ni utani. Haukuwa utani. Nilikuwa nimetembea zaidi ya saa moja juani, na shangazi alikuwa ameniambia kwamba huyo bibi ndiye anayejua mambo kuliko wote. Ulimi ulikuwa ukiniwasha nimwambie kidogo tu, swali moja tu. Badala yake nilirudisha rekoda kwenye mfuko, nikamaliza uji, nikamshukuru, nikaondoka. Njiani nilimkasirikia sana.

Wiki moja baadaye shangazi alirudi kutoka sokoni Tulia na ujumbe kwamba ninaitwa na yule bibi.

"Nilitaka kuona kama utaondoka kweli," aliniambia nilipofika. "Na nilitaka kuona kama kuna mtu atakuja nyuma yako kuniuliza kwa nini nimemkataa mgeni. Hakuja mtu. Haya, soma tena."

Nikasema yote, rekoda ikiwa imezimwa. Akakubali. Nikawasha, nikahesabu mpaka kumi, nikayasema yote mara ya pili, naye akanirudisha tena pale pale, "Rudia hapo," kana kwamba hajawahi kulisikia neno hilo, na nilipolirudia akacheka kwa ile sauti yake nzito. Kisha akasema wazi, akiinamia kigoda: "Nimesikia yote. Nimekubali. Na nikichoka nitasema basi."

Alizungumza upande mmoja wa kaseti ukaisha, tukageuza, akazungumza upande wa pili. Mara moja tu alisema tulipite swali, nalo tulilipita. Alichokisema humo sitakiandika hapa, isipokuwa kile ambacho baadaye alikisema mwenyewe kwa mdomo wake mbele ya watu. Nilipofika nyumbani nilivunja vile vijino viwili vya plastiki nyuma ya kaseti ili kisinaswe tena kitu juu yake, nikaandika namba, nikaandika jina kwenye daftari la pili.

Siku ya nne alikuja askari wa utawala kwa shangazi. Naibu wa chifu ananitaka ofisini, na nije na mashine.

Ni lazima niseme ilivyokuwa miaka ile, kwa wasioijua. Watu walikuwa wakizungumza huku wakitazama nani amekaa nyuma yao. Chifu na naibu wake ndio walikuwa serikali. Barua ya kitambulisho ilipitia kwao, na orodha ya chakula ilipitia kwao. Mtu kusemekana kwamba anachochea watu hakukuwa jambo la kucheka. Nilifunga mfuko. Shangazi aliniuliza kama nitaiacha kaseti nyumbani. Nilifikiri juu ya askari kurudi kuitafuta ndani ya nyumba yake, nikasema nitakwenda nayo.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mawe na bati. Nje, kwenye benchi, walikuwa wameketi wanawake sita au saba wanaongoja barua zao. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Naibu wa chifu alikuwa amevaa kaki zake zote, kofia imewekwa juu ya meza.

"Mwalimu," akaanza kwa Kiswahili, maana alipenda kutumia Kiswahili akiwa kazini, "wewe unafanya kazi gani hapa kwangu?"

Nilimwonyesha nakala ya kibali cha Daktari na barua iliyopigwa muhuri kwa mkuu wa wilaya. Alikuwa amekwisha kuziona tulipoanza, na aliweka sahihi yake mwenyewe. Alizisukuma pembeni.

"Hizo nazijua. Nataka kusikia kaseti ya yule mama mzee."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi, ama hutaki?"

"Nilimwambia kwamba mtu mwingine akitaka kusikia, nitamuuliza yeye kwanza. Sijamuuliza."

"Mimi si mtu mwingine. Mimi ni serikali."

Nilimjibu kwamba kwenye yale maneno hapakuwa na mahali palipoandikwa "isipokuwa serikali". Niliyasema kwa sauti ndogo, lakini niliyasema. Akabadilisha njia. Akasema kwa upole kwamba yule mama hajui kusoma, mimi nimemdanganya, nimemnasa bila yeye kujua, na kazi yake naibu wa chifu ni kuwalinda watu wake wasidanganywe na wageni wenye mashine. Kumbe alikuwa amekwisha kumtuma askari wa pili akamlete bibi. Hatukungoja sana. Bibi aliingia na kiondo chake mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, akakishusha chini, akamsalimu naibu wa chifu, akanisalimu na mimi, akakataa kiti.

Sasa naibu wa chifu alizungumza Kikamba. "Mama, huyu msichana amenasa sauti yako bila wewe kujua. Ninataka umwambie anipe hiyo kaseti nikutunzie."

Bibi alinigeukia. "Hiyo mashine inaweza kuanza mwanzo kabisa? Pale uliponisomea?"

"Inaweza."

"Mwekee asikie."

Nilikuwa nimefundishwa na shangazi kutokuvuka kitu haraka. Nikamuuliza, "Unakubali asikie? Na mlango uko wazi, mama. Wale wa nje nao watasikia."

"Wasikie. Mwanzo tu. Nitasema basi."

Nilirudisha utepe mwanzo, nikaiweka rekoda juu ya meza kando ya kofia, nikabonyeza. Kwanza ulikuja ule mvumo wa utepe mtupu, sekunde nyingi sana kwa mtu anayengoja. Kisha sauti yangu, nyembamba kuliko nilivyoifikiria, na kuku nyuma yake. Mimi ni mwalimu. Nimetumwa na mtu wa chuo kikuu. Sikutumwa na chifu. Hapo naibu wa chifu alisogeza kiti. Sauti iliendelea bila haraka, neno kwa neno, kama nilivyokuwa nimeisema, na mimi mwenyewe nilikaa pale nikiisikiliza kama mtu mwingine. Mazungumzo ya kwenye benchi yalikuwa yamenyamaza. Mtu mwingine yeyote akitaka kusikia, nitakuja kukuuliza wewe kwanza. Unaweza kukataa sasa. Halafu ile sauti nzito: Rudia hapo. Na mimi nikirudia. Na kicheko chake. Huko nje mwanamke mmoja naye akacheka, akajizuia. Nimesikia yote. Nimekubali. Na nikichoka nitasema basi.

"Basi," akasema bibi, aliyekuwa amesimama mbele yetu.

Nikabonyeza, ikazima.

"Endelea," akasema naibu wa chifu.

Sikuendelea.

"Mwalimu, nimesema endelea."

"Amesema basi, mzee."

Alinyoosha mkono kuelekea rekoda. Nilikuwa karibu zaidi. Nilifungua kifuniko, nikatoa kaseti, na kwa kuwa sikujua la kufanya nayo nilimpa mwenye sauti. Bibi aliitupa ndani ya kiondo, juu ya viazi vitamu, akakaa chini kando yake na kunyoosha miguu. Askari alitazama kiondo, akamtazama bosi wake. Kutia mkono ndani ya kiondo cha mwanamke wa umri wa mama yake, mbele ya wanawake wote wale, hakukuwa jambo ambalo angelifanya bila kuambiwa, na naibu wa chifu hakumwambia.

"Huko mbele ulisema nini juu yangu?" akamuuliza badala yake.

"Sasa umeuliza mwenyewe. Mimi niko hapa na sihitaji betri." Aliongea kwa sauti ile ile ya kawaida, hakuinyanyua. "Nilisema wakati wa mahindi ya manjano tulichimba matuta kwenye shamba lako siku sita, mimi na hawa, kabla hujaandika majina yetu kwenye orodha ya chakula. Kazi ya kulipwa chakula ilikuwa iwe ya matuta ya barabara na ya mto. Siku sita tulichimba kwako. Hilo nimelisema kwenye mashine na nimelisema hapa."

Kutoka benchi sauti ya mwanamke mmoja ilisema, si kwa nguvu, "Zilikuwa saba." Mwingine akasema kwake yeye zilikuwa sita, alikosa moja kwa sababu alikuwa amejifungua.

Naibu wa chifu aliichukua kofia yake akaivaa, akaniambia niondoke kwenye eneo lake na kwamba ataandika kwa D.O., mkuu wa tarafa. Tulipokuwa tukitoka nilimuuliza bibi kwa nini alikataa kaseti isikike kama alikuwa tayari kuyasema yote. Alinishangaa.

"Mdomo wangu naufungua mimi. Hiyo akikaa nayo, ataufungua wakati sipo."

Naibu wa chifu aliandika kweli. Daktari alipigiwa simu huko Nairobi, na baada ya siku chache alifika kwa shangazi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameogopa, na sikumlaumu. Kibali kingeweza kufutwa, pamoja na kazi yake ya miaka miwili. Alisema tuifute ile kaseti moja, tuwaandikie kwamba imefutwa, mambo yaishe.

"Anayeweza kusema ifutwe ni mmoja," nikamwambia.

"Mwalimu, usinisomee maneno yangu mwenyewe."

"Si yako. Yako yalikuwa na mistari mitatu."

Shangazi aliondoka akaenda kuchukua maji ambayo hatukuyahitaji. Daktari alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema, haya, twende kwake.

Bibi alitupokea kama alivyonipokea mara ya kwanza, kwa uji. Kaseti ilikuwa ndani ya kibuyu kilichopasuka, imefungwa kwa kitambaa. Daktari alimweleza yote, na kwa haki yake niseme alieleza vizuri: kwamba inaweza kufutwa leo, kwamba ikibaki itakwenda Nairobi na kufungiwa, kwamba itaitwa kwa namba, kwamba hatuwezi kumzuia naibu wa chifu asimsumbue. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Isifutwe. Lakini hiyo namba siitaki."

Daktari alifikiri hakuelewa. Akaanza kueleza upya kwamba namba ni ya kumlinda.

"Nimeelewa. Mnataka kunificha. Nani aliwaambia nimejificha? Yeye anajua ni mimi, wale wa kwenye benchi wanajua ni mimi. Atakayekuwa hajui ni mtu wa Nairobi peke yake, na watoto wa wajukuu wangu. Hao ndio nataka wajue. Andika jina langu."

Daktari alinitazama nimsaidie. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile nilikuwa upande wake. Niliogopa kwa ajili ya bibi, na nilitaka namba ibaki. Maneno yetu, mimi na shangazi, yalikuwa na njia nyingi za mtu kukataa kuzungumza. Hatukufikiri kwamba mtu angekataa kufichwa. Nilimwomba akae na jambo hilo wiki nzima, nitarudi kumuuliza tena. Alisema kukaa nalo ni sawa, lakini jibu halitaoza.

Nilirudi baada ya wiki. Nilitia kaseti mpya, nikahesabu mpaka kumi, nikasema kwamba mwanzo tulikubaliana jina lisiandikwe, na sasa namuuliza upya. Alitaja jina lake, la baba yake, la ukoo wake na la marehemu mumewe, pole pole, kama mtu anayemwandikisha mtoto shuleni, na akasema haya yote ni yake. Nililiandika jina hilo juu ya kaseti zote mbili kwa kalamu ya wino.

Kazi yangu iliisha mwezi huo. Sikufukuzwa, niliambiwa eneo lile limekamilika. D.O. alikuwa ametaka tuhame, na Daktari alihamia upande wa Emali akiwa na msaidizi mwingine, mtu mwenye digrii. Niliambiwa baadaye kwamba msaidizi huyo alisoma maneno yale yale, yote, mara mbili, na kwamba Daktari ndiye aliyemlazimisha. Naibu wa chifu hakufanywa kitu. Alivaa kaki zake mpaka akastaafu. Ila msimu uliofuata alipoita wanawake wakamlimie kama desturi, shangazi anasema walifika watatu, na mmoja wao alikuwa dada yake naibu mwenyewe. Wengine hawakutoa sababu.

Msomaji atauliza mbona mimi hapa simtaji, baada ya hayo yote. Ruhusa aliyonipa ilikuwa ya kaseti zile na kazi ya chuo. Ya kitabu changu sikuiomba, na alipofariki nilikuwa sijajua kwamba siku moja nitaandika. Anayelitaka jina lake aende chuoni akaombe kusikia kaseti. Liko pale, kwa sauti yake mwenyewe.

Kabla sijaondoka Tulia nilimpelekea nakala ya kaseti yake, maana siku ile na Daktari tulikuwa tumemwahidi. Hakuwa na rekoda, kwa hiyo nilikaa naye nikamchezea yangu, pande zote mbili, alasiri nzima. Alisikiliza akipukuchua mahindi, akitikisa kichwa mahali fulani, akijijibu mahali pengine. Karibu na mwisho aliinua mkono nikazima.

"Hapo nimesema mbuzi waliokufa walikuwa kumi na wawili. Walikuwa tisa. Nilikuwa na hasira siku ile." Akasogeza ungo pembeni. "Washa nisahihishe."

Nilimwambia kazi imeisha, sina kaseti mpya, na hakuna atakayejali mbuzi watatu.

"Mimi najali," akasema. "Nenda Tulia ukanunue."

Nilikwenda.